Fomu ya binti imechaguliwa kuhakikiwa: kwa nini ninyi, na karatasi gani zianze

*Habari kaka. Binti yangu amekubaliwa chuo cha jamii hapa Ohio. FAFSA ya 2025-26, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, tulijaza mwezi wa tatu. Juzi chuo kimemwandikia kwamba amechaguliwa kwa "verification" na msaada wake umesimama. Mume wangu anaogopa, anasema wanatutilia shaka kwa sababu sisi ni wakimbizi. Tulitoka Uvira, tukakaa Nyarugusu miaka 14. Taksi za 2023 kila mtu alifaili kivyake kwa yule anayetufailia, mume alipata kama dola 43,000 na mimi 27,000. Nyumbani tuko saba, ila niliandika tisa kwa sababu watoto wawili wa marehemu dada yangu wako Nyarugusu na sisi ndio tunawalisha. Binti naye alifanya kazi kidogo mgahawani. Ada inatakiwa Agosti 8. Kwa nini sisi, na nianze na karatasi gani?*

Dada yangu, neno uhakiki mlilikuta kambini, na huko lilikuwa na meno: asiyefika kwenye mstari siku ya kuhesabiwa, jina lake lilikuwa mashakani na mgao wake pia. Ndiyo maana nikiwapigia simu wazazi waliotoka Nyarugusu au Kakuma nawasikia wakishusha pumzi hata kabla sijamaliza sentensi. Huku jambo ni jingine. Wanaohakiki ni ofisi ya fedha za masomo ya chuo, na wanahakiki fomu. Hadhi yenu ya ukimbizi ilipimwa pembeni, kompyuta ya FAFSA ilipolinganisha namba ya A ya binti na kumbukumbu za uhamiaji. Kama hapo pangekuwa na tatizo, barua ingetaja uraia au uhamiaji waziwazi na wangedai grini kadi yake au ile fomu ya kuingilia nchini, I-94. Barua yenu haikutaja hayo, basi mwambie shemeji alale.

Fomu huchaguliwa kwa njia tatu, na ukizijua utajua pia ujibu nini.

Ya kwanza ni kompyuta ya Wizara ya Elimu yenyewe. Kila fomu inayoingia hupimwa kwa hesabu za kukisia wapi pana uwezekano wa kosa linalobadilisha fedha. Wizara haichapishi kanuni ya hesabu hizo, kwa hiyo mtu akikuambia anaijua, muache apite. Tunachokiona sisi tulio maofisini ni kwamba wanaochaguliwa wengi ni wale wenye kipato cha kupata Pell, ile ruzuku ya serikali isiyorudishwa, kwa sababu hapo ndipo kosa dogo linapogharimu hela nyingi. Mtu mwenye mshahara wa dola laki tatu hapati Pell hata akikosea, kwa hiyo kumkagua hakuna faida. Kuchaguliwa, kwa maana hiyo, mara nyingi ni dalili kwamba binti yuko karibu na fedha, hata kama siku ya kupokea barua haionekani hivyo.

Njia ya pili ni chuo. Chuo kina ruhusa ya kuchagua fomu kwa vigezo vyake, ilimradi kivitumie kwa wote. Ya tatu ndiyo ya kuangalia kwa makini kwa upande wenu, nayo ni mgongano wa taarifa. Sheria inakitaka chuo, kikiona karatasi mbili zinazosema mambo mawili tofauti, kisitoe senti mpaka tofauti hiyo ielezwe au irekebishwe. Haijalishi kompyuta ilimchagua au haikumchagua. Na katika maelezo yako, dada, naiona migongano miwili. Mmoja ni mwepesi. Wa pili unahitaji kuanza kushughulikiwa wiki hii.

Nianze na mwepesi, ule wa saba na tisa.

Mlipojaza FAFSA, wewe na mume wako kila mmoja alikubali taarifa zake za kodi zivutwe moja kwa moja kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Zikavutwa, ila hamkuziona kwenye skrini, maana mfumo huzificha kwa usiri. Pamoja na mapato, IRS ilileta pia idadi ya watu kila mmoja aliowaandika kwenye taksi zake. Kwa kawaida yule anayewafailia atakuwa amegawa watoto watano: watatu kwa baba, wawili kwako. Baba na watatu ni wanne, wewe na wawili ni watatu, jumla saba. Kisha fomu ikauliza kama familia ni tofauti na ya kwenye kodi, ukajibu ndiyo, tisa. Kompyuta ikabaki na saba mkono mmoja na tisa mkono mwingine.

Watoto wa marehemu dada yako ni wako, hilo halina mjadala kwetu. Kwa FAFSA, mtu anayehesabiwa lazima mumlishe kwa zaidi ya nusu ya mahitaji yake na awe anaishi nanyi, isipokuwa mtoto aliye mbali kwa sababu ya chuo. Walioko Nyarugusu wanatimiza sharti la kulishwa, ila hawaishi nanyi. Kwenye taksi nako hawawezi kuandikwa, kwa sababu mtegemezi asiye raia wala mkazi wa Marekani hakubaliki, ila kama anaishi Kanada au Meksiko. Andika saba.

Sasa angalia tisa ingewapa nini. Kwa mwaka wa masomo 2025-26, mwanafunzi wa wazazi waliooana hupewa Pell yote kama kipato cha wazazi hakizidi asilimia 175 ya mstari wa umaskini wa 2023. Mstari huo kwa familia ya saba, hapo Ohio, ni dola 45,420. Asilimia 175 yake ni dola 79,485. Ninyi wawili mna kama 70,000. Mko ndani, na binti anastahili Pell kamili ya dola 7,395 kwa mwaka akisoma muda wote. Mkiandika tisa mstari unapanda, lakini Pell haipandi juu ya kamili. Wale watoto wawili hawakuwaongezea hata dola moja, walichofanya ni kuisimamisha fomu. Kwa hiyo kwenye karatasi ya uhakiki ya chuo, panapotakiwa orodha ya familia, andika majina saba, umri na uhusiano, wewe na binti mtie saini, basi. Hakuna atakayewauliza kwa nini mwanzo mliandika tisa, na msiandike barua ya kujitetea ambayo hakuna aliyeiomba.

Kuna jambo moja hapa ambalo watu wengi hulikosa. Usiingie StudentAid.gov ukabadilisha tisa iwe saba mwenyewe. Najua mkono unawasha. Ukibadilisha, mfumo unatoa toleo jipya la fomu, na toleo jipya hupimwa upya kama lilivyopimwa la kwanza. Nimewahi kuona mwanafunzi aliyekuwa amebakiza karatasi moja tu, akarekebisha mwenyewe usiku, asubuhi akajikuta kwenye kundi zito zaidi la uhakiki. Karatasi yenye saini inatosha. Chuo ndicho kitakachotuma marekebisho.

Nimetaja makundi. Barua nyingi za vyuo ni za kunakili, huorodhesha kila kitu wanachoweza kukitaka, nanyi mnakimbizana na karatasi ambazo pengine hazihitajiki. Kabla ya kitu kingine chochote, binti apige simu ofisi ya fedha za masomo aulize swali moja: niko kundi gani, V1, V4 au V5? Apige yeye, maana wewe hawatakujibu bila ruhusa yake ya maandishi. V1 inahusu mapato na ukubwa wa familia. V4 inahusu kama mwombaji ndiye yeye. V5 ni zote mbili. Majibu ya swali hilo hupunguza kazi yenu nusu nzima.

Kama ni V1, jambo la pili la kuuliza ni kama taarifa za kodi za wazazi wote wawili zilikuja zenyewe kutoka IRS. Zikija hivyo na hakuna aliyezigusa, kwa kanuni zinahesabika zimeshahakikiwa. Hapo kinachobaki kwenye V1 ni ukubwa wa familia, yaani ile orodha ya saba, pamoja na mapato ya binti kama hakufaili. Nimeona familia zikihangaika wiki tatu kutafuta karatasi za IRS ambazo chuo kilikuwa nazo tayari kwenye mfumo.

Ila kwenu ninyi nakushauri karatasi za kodi mzitoe hata hivyo, kwa sababu ya ule mgongano wa pili.

Umesema kila mtu alifaili kivyake. Swali ni kivyake namna gani. Chukua nakala ya fomu yako 1040 ya mwaka 2023, ukurasa wa kwanza, juu kabisa chini ya jina, pana visanduku vya hali ya ufailiaji. Angalia alama iko wapi. Kama iko "Married filing separately", sawa, mmefaili mkiwa wanandoa, kila mtu na yake. Lakini naogopa utaikuta kwenye "Head of household", yako na ya mume wako vilevile. Hao mafundi wa taksi wanaofungua meza Januari pembeni ya duka la vyakula vyetu wanaipenda sana hiyo, kwa sababu kila mzazi akiwa mkuu wa kaya na watoto wake, fedha za kurudishiwa zinakuwa nono kila upande, na mteja mwenye furaha huleta jirani yake. Mwaka unaofuata meza imehamia mji mwingine.

Mkuu wa kaya ni mtu ambaye hana ndoa, au ameishi mbali na mwenzi wake miezi sita yote ya mwisho wa mwaka. Wanandoa wanaolala nyumba moja hawawezi kuwa wakuu wa kaya wawili. Ofisa wa chuo si mtu wa kodi, lakini kanuni inamtaka ajue mambo machache ya msingi, na hili ni mojawapo. FAFSA inasema mmeoana na mnaishi pamoja, IRS inaleta wakuu wa kaya wawili anwani moja. Hapo hana hiari, lazima asimame. Na chuo kinajali kwa sababu nyingine tena: mzazi mmoja asiye na mwenzi hupimwa kwa asilimia 225 ya mstari wa umaskini, wanandoa kwa 175, kwa hiyo hali ya ndoa ndiyo inayoamua kipimo.

Mgongano huo una njia mbili za kutoka. Kama mwaka 2023 mlikuwa mnaishi mbalimbali kweli, labda mume alikuwa amehamia jimbo jingine kuanzia Juni au kabla, na kila mmoja wenu aliitunza mwenyewe nyumba aliyolea watoto wake, basi andikeni maelezo yenye tarehe na anwani zote mbili, mkiambatisha mkataba wa pango. Kama mlikuwa pamoja, njia ni kurekebisha kodi kwa fomu 1040-X, kutoka wakuu wa kaya wawili kwenda fomu moja ya wanandoa. Mnaruhusiwa kuhamia fomu ya pamoja ndani ya miaka mitatu tangu tarehe ya mwisho ya kufaili mwaka ule, kwa hiyo ya 2023 inabaki wazi mpaka katikati ya Aprili 2027.

Sitakuficha gharama yake. Ile nafuu ya kodi ya wafanyakazi wa kipato cha chini, ambayo kila mmoja wenu huenda aliipata kwa kipato chake peke yake, kwa fomu ya pamoja ya 2023 yenye watoto watatu au zaidi ilikoma kwenye dola 63,398. Mkiungana mko 70,000, mnaikosa yote. Maana yake ni kwamba IRS inaweza kuwadai mlichorudishiwa pamoja na riba. Inauma, na mtu aliyewafailia hatakuwepo kuilipa. Lakini IRS inakubali kulipwa kidogo kidogo kwa mwezi, na kujirekebisha wenyewe kabla hawajawaandikia ni bora mara nyingi kuliko kungoja wakute, kwa sababu anayeonekana alidai nafuu ile kwa kutojali kanuni anaweza kunyimwa kuidai miaka 2.

Msirudi kwa fundi yuleyule. Nendeni kituo cha VITA, ule mpango wa IRS wa watu waliofunzwa kufaili bure, mwambie anayewapokea kwamba mna marekebisho ya 2023, maana si kila kituo kinapokea miaka ya nyuma. Kama deni litakuwa kubwa, tafuteni kliniki ya walipakodi wa kipato cha chini, inaitwa LITC. Huko wanasheria huwatetea mbele ya IRS bure au kwa ada ndogo.

Sasa sikia habari njema. IRS huchukua wiki 8 hadi 12, pengine 16, kushughulikia 1040-X. Wengi wakisikia hivyo wanakata tamaa, wanaona Agosti imepita. Chuo hakihitaji IRS imalize. Kinachohitaji ni nakala ya 1040-X iliyotiwa saini na iliyokwisha kutumwa, pamoja na taarifa za fomu za mwanzo, ama zile zilizovutwa na FAFSA ama nakala ya IRS. Mkifaili marekebisho Jumanne kwa njia ya mtandao, Jumatano mnaweza kupeleka chuo nakala pamoja na uthibitisho wa kupokelewa. Kwa hiyo hili ndilo linaloanza. Mengine yote yanaweza kufanyika mkisubiri miadi ya VITA.

Wakati mnasubiri, omba kwa IRS nakala za kodi za 2023, yako na ya mume. Kuna aina kadhaa na majina yanafanana, kwa hiyo watu huleta isiyo sahihi, wiki inapotea. Inayotakiwa ni "Tax Return Transcript". Ile iitwayo "Tax Account Transcript" peke yake haitoshi, haionyeshi mistari ambayo chuo kinaitafuta. Ya haraka ni kupitia akaunti yako kwenye IRS.gov, inatoka palepale, ila kuifungua wanataka picha ya kitambulisho na ya uso wako kwa simu, na simu za baadhi yetu zinagoma. Ikigoma, iombe ije kwa posta. Inafika siku 5 hadi 10, kwa sharti kwamba anwani unayoandika iwe ileile iliyoko kwenye taksi zako, herufi kwa herufi. Kama kwenye taksi waliandika "Apt 4B" nawe ukaandika "#4B", mfumo unakataa bila kukueleza sababu. Hilo nimelikuta mara nyingi mno. Weka fomu ya kodi mezani, unakili kama ilivyo.

Na ukishindwa yote, nakala ya 1040 yenyewe inakubalika, pamoja na viambatisho vyake vya 1, 2 na 3 kama vipo, mradi imetiwa saini. Hapa napo watu hukwama: nakala anayowapa fundi hutoka kwenye printa bila saini, kwa kuwa ilitumwa kwa mtandao. Chukua kalamu, tia saini ya wino mahali pa saini, andika tarehe ya leo. Hiyo ni halali, wala si kughushi, ni fomu yako.

Binti yeye ni rahisi. Mtegemezi aliyepata mshahara wa dola 13,850 au chini ya hapo mwaka 2023 hakulazimika kufaili. Kama hakufaili, atoe W-2, ile karatasi ya mshahara wa mwaka, ya ule mgahawa na karatasi fupi yenye saini yake inayosema hakufaili, hakulazimika kufaili, alifanya kazi mahali fulani akapata kiasi fulani. Wakimwomba barua ya IRS ya kuthibitisha kwamba hakufaili, aulize kwa heshima kama inahitajika, kwa sababu barua hiyo hudaiwa wazazi na wanaojitegemea, haidaiwi mwanafunzi anayetegemea wazazi. W-2 ikiwa imepotea, ipo kwenye akaunti yake ya IRS chini ya "Wage & Income Transcript".

Nitoke nje ya habari yenu kidogo, maana najua mdogo wako au jirani atasoma hapa, na wapo waliofika juzi. Familia iliyokuwa bado Nyarugusu au Kakuma mwaka 2023 haina taksi za Marekani za mwaka huo, na barua ya IRS hawawezi kuipata, kwani wakati huo hawakuwa na namba yoyote huku. Hao huandika tamko lenye saini na tarehe: kwamba hawakuwa na namba ya hifadhi ya jamii wala namba ya kodi, waliishi kwa nini, na kila senti waliyopata ilitoka wapi. Mgao wa chakula utajwe. Posho ya ualimu wa kambini au ya kliniki itajwe pia, kwa kiasi chake, ikibadilishwa kuwa dola kwa kiwango cha siku walipojaza fomu. Wanaoandika sifuri tupu hurudishiwa, kwa sababu ofisa atauliza: watu sita waliishi mwaka mzima kwa sifuri vipi?

Tuje kwa V4 na V5, endapo binti atajibiwa hivyo. Kundi hili limeongezeka tangu 2025, na chanzo si wakimbizi. Vyuo vya jamii, hasa California, vilivamiwa na wanafunzi hewa, watu waliotumia majina ya wengine kujiandikisha, wakachukua fedha na kupotea. Juni mwaka huo Wizara ikaanza kudai baadhi ya waombaji wa mara ya kwanza wajitokeze kwa sura. Kwa binti maana yake ni kwenda chuoni yeye mwenyewe na kitambulisho cha serikali chenye picha ambacho hakijaisha muda, leseni ya udereva, kitambulisho cha jimbo au pasipoti, na kutia saini tamko kwamba fedha atazitumia kwa masomo. Asiitie saini nyumbani. Mtu wa ofisi lazima amwone akisaini, ndiyo maana nzima ya kundi hilo. Akiwa mbali, wanaweza kumwona kwa simu ya video, au akasaini mbele ya mthibitishaji wa saini, ambaye benki nyingi wanaye. Kadi ya kambi haikubaliki hata kama ina picha.

Na majina. Angalia kadi ya hifadhi ya jamii ya binti, kitambulisho chake na jina aliloandika chuoni. Kwetu jina la ukoo linaweza kukaa popote, na ofisi ya kwanza iliyowapokea uwanja wa ndege ikaligeuza, mtoto akabaki na jina la babu mbele na lake nyuma. Kama kitambulisho kinasema moja na chuo kina jingine, apeleke kadi ya hifadhi ya jamii pamoja na kitambulisho, siku hiyohiyo, wabadilishe upande wa chuo. Kubadili kwa serikali huchukua muda mrefu, kubadili kwenye mfumo wa chuo huchukua dakika 10.

Namna ya kupeleka nayo inachelewesha. Usipige picha karatasi ikiwa juu ya kitanda kona zikakatika. Tumia programu ya simu inayogeuza kuwa PDF, kurasa zote za fomu moja ziwe faili moja, jina la binti na namba yake ya mwanafunzi juu ya kila moja. Zipandishe kwenye tovuti ya chuo, si kwa barua pepe, kwa kuwa zina namba za hifadhi ya jamii za familia nzima. Na peleka zote siku moja. Ofisi ikipokea karatasi nusu, faili hurudi nyuma ya foleni mpaka nusu nyingine ije, na kuanzia katikati ya Julai foleni hiyo inakuwa ya wiki kadhaa.

Ile Agosti 8 isiwatishe, ila isiwapite kimya. Msaada ukiwa bado haujathibitishwa, mfumo wa chuo unaweza kumwona binti kama hajalipa na kumwondoa kwenye madarasa. Wiki moja kabla, aende ofisi ya mhasibu wa chuo, siyo ya fedha za masomo, aseme yuko kwenye uhakiki na karatasi zimeshapokelewa, aombe nafasi yake ishikwe au awekwe kwenye mpango wa malipo. Wengi hukubali wakiona tarehe ya kupokelewa, kwa hiyo achapishe ule ukurasa unaoonyesha faili zilipandishwa lini. Na kama hata Septemba uhakiki haujaisha, Pell haijapotea: ukimalizika mwaka wa masomo ukiendelea, analipwa na ya muhula uliokwisha kuanza, takriban dola 3,700 kwa muhula. Mikopo isiyo na nafuu ya riba haiguswi na uhakiki wa V1 na inaweza kutolewa mapema kama hakuna mgongano wa taarifa, lakini asikubali kuichukua kwa haraka ya kuziba pengo la mwezi mmoja.

Jambo la mwisho, kama kipato chenu kimeshuka tangu 2023, kiwanda kimepunguza masaa au mmoja wenu amesimama kazi, chuo kinaweza kuangalia hali ya sasa badala ya ile. Ombi hilo halifunguliwi mpaka uhakiki umalizike. Anzeni kuweka stabu za mishahara ya mwaka huu pembeni.

Kesho asubuhi binti apige simu ya V1, V4 au V5, na wewe ufungue ile 1040 uangalie kisanduku. Ukikuta kile ninachokiogopa, niandikie tena kabla hujasaini chochote kwa yule fundi.